Kipimo cha Coombs kikiwa chanya kwa mtoto mchanga: maana yake kwa wazazi wenye makundi tofauti ya damu

Mama aliyejifungua salama anaweza kuelezwa, saa chache baadaye, kwamba kipimo cha damu ya mtoto wake "kimetoka chanya". Kwa kuwa neno hilo limezoeleka katika majibu ya maradhi ya kuambukiza, wazazi wengi hushtuka kabla ya kusikia maelezo yanayofuata. Kipimo kinachozungumziwa hapa, kinachoandikwa kwenye fomu za maabara kwa herufi DAT au DCT na kujulikana zaidi kama kipimo cha Coombs, hakitafuti vijidudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Kinajibu swali moja tu: je, chembe nyekundu za damu ya mtoto zimegandiwa na kingamwili zilizotoka kwa mama?

Jibu chanya halimaanishi kwamba mtoto ni mgonjwa. Watoto wengi wenye jibu hilo, hasa pale tofauti ya damu inapokuwa ya makundi ya A, B na O, hawapati tatizo kubwa. Hata hivyo, linamaanisha kwamba mtoto huyo anapaswa kufuatiliwa kwa karibu katika siku tano za mwanzo, na tena katika wiki sita za mwanzo. Makala haya yanaeleza sababu ya vipindi hivyo viwili na mambo ambayo wazazi wanapaswa kuyaangalia.

Kingamwili za mama zinavyofika kwa mtoto

Kundi O ndilo lenye watu wengi zaidi katika Afrika Mashariki. Mtu wa kundi hili hana alama ya A wala ya B juu ya chembe zake nyekundu, na kwa sababu hiyo mwili wake hutengeneza kingamwili dhidi ya alama zote mbili. Hazisubiri ujauzito wala kuongezewa damu. Hutengenezwa tangu utotoni, kwa kuwa vijidudu vya tumboni na baadhi ya vyakula vina sukari zinazofanana na alama hizo.

Kwa watu wa kundi O, sehemu ya kingamwili hizo ni za aina ndogo inayoweza kupita kwenye kondo la nyuma. Ni aina hiyo hiyo ambayo mama humrithisha mtoto ili kumkinga na maradhi katika miezi ya mwanzo. Mtoto akiwa amerithi kundi A au B kutoka kwa baba, kingamwili hizo hukuta alama inayolingana nazo na kujishikiza juu ya chembe nyekundu za mtoto. Chembe zilizogandiwa zikipita kwenye wengu, hutambuliwa kama kitu kigeni na kuvunjwa kabla ya wakati wake.

Mambo mawili hupunguza makali ya hali hii. Kwanza, alama za A na B bado ni chache juu ya chembe za mtoto mchanga. Pili, alama hizo zipo pia kwenye tishu nyingine za mwili wake, hivyo sehemu ya kingamwili huishia huko bila kugusa damu. Kwa sababu hizo, tofauti ya A, B na O kwa kawaida huleta tatizo dogo kuliko lile la mama mwenye Rh hasi anayebeba mtoto mwenye Rh chanya.

Kuna tofauti nyingine kati ya hali hizi mbili. Tatizo la Rh kwa kawaida humwacha mtoto wa kwanza na kuonekana kwa wanaofuata, kwa kuwa mama huanza kutengeneza kingamwili baada ya damu yake kukutana na ya mtoto. Tatizo la A, B na O linaweza kumpata hata mtoto wa kwanza, kwa kuwa kingamwili zilikuwapo kabla ya mimba. Mama kusema kwamba huu ni uzazi wake wa kwanza hakuondoi haja ya kumwangalia mtoto.

Ni muhimu pia familia ifahamu kwamba mtoto kuwa na kundi tofauti na la mama yake ni jambo la kawaida kabisa. Mama wa kundi O na baba wa kundi A wanaweza kupata mtoto wa A au wa O. Baba akiwa wa kundi AB, mtoto atakuwa wa A au wa B. Kipimo cha Coombs hakipimi uzazi, na jibu lake si ushahidi wa lawama yoyote kati ya mume na mke.

Kinachofanyika maabara

Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1945 na Robin Coombs pamoja na wenzake Arthur Mourant na Robert Race, na msingi wake haujabadilika. Damu kidogo huchukuliwa kwenye kitovu mara baada ya mtoto kuzaliwa, au kwenye mshipa au kisigino chake, na kuwekwa kwenye chupa ndogo yenye kizibo cha zambarau. Mtaalamu wa maabara huosha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi mara kadhaa ili kuondoa kingamwili zinazoelea tu bila kushikamana na kitu. Kisha huongeza dawa inayounganisha kingamwili moja na nyingine. Chembe zikiwa zimegandiwa, dawa hiyo huzishikanisha na kuonekana kama mabonge madogo. Zikiwa safi, hubaki zimetawanyika.

Ukubwa wa mabonge huandikwa kwa alama kuanzia 1+, yaani hafifu, hadi 4+, yaani makubwa sana. Kwa tofauti ya A, B na O, jibu mara nyingi huwa hafifu, na wakati mwingine huwa hasi hata kama chembe zinavunjwa, kwa kuwa kingamwili zilizo juu ya kila chembe ni chache. Kwa hiyo, mtoto anayegeuka manjano siku ya kwanza anapaswa kushughulikiwa hata kama kipimo chake cha Coombs kimetoka hasi.

Upande wa pili, jibu linaweza kutoka chanya bila chembe kuvunjwa. Ute mzito wa kitovu ukichanganyika na damu wakati wa kuichukua, unaweza kuzishikanisha chembe na kuleta jibu la uongo. Damu ya kitovu inapotiliwa shaka, kipimo hurudiwa kwa damu ya mtoto mwenyewe. Vilevile, mama mwenye Rh hasi aliyechomwa sindano ya anti-D wakati wa ujauzito anaweza kumpata mtoto mwenye jibu chanya hafifu linalotokana na sindano hiyo. Mama wa namna hiyo anapaswa kumweleza mhudumu tarehe aliyochomwa.

Siku tano za mwanzo: bilirubini

Chembe nyekundu inapovunjwa, hutoa rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Kabla ya kuzaliwa, rangi hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na kuondolewa na ini la mama. Baada ya kitovu kukatwa, ini la mtoto hubaki na kazi hiyo peke yake, nalo bado halijakomaa. Ndiyo maana watoto wachanga wengi huwa manjano kidogo kuanzia siku ya pili au ya tatu, kisha hali hiyo huisha yenyewe. Hali hii haina uhusiano na homa ya manjano inayoenezwa na mbu.

Kwa mtoto ambaye chembe zake zinavunjwa kwa kasi, manjano huanza mapema zaidi. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza hauchukuliwi kuwa wa kawaida kwa mtoto yeyote, bali huhitaji kipimo cha bilirubini bila kusubiri kesho. Bilirubini ikipanda mno huweza kuingia kwenye ubongo na kuacha madhara ya kudumu, yakiwamo uziwi na ulemavu wa viungo. Madhara hayo yanazuilika kwa tiba inayoanzishwa mapema, lakini yakishatokea hayarudishwi nyuma.

Hapa ndipo penye hatari kwa wazazi. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wabaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, na wengi huruhusiwa muda huo ukitimia. Bilirubini, hata hivyo, hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Mtoto mwenye kipimo chanya anaweza kutoka kituoni akionekana mzima na kugeuka manjano sana akiwa nyumbani. Kabla ya kuondoka, wazazi wanapaswa kujua mambo matatu: kiwango cha bilirubini kilichopimwa, saa kilipopimwa, na siku na mahali kitakapopimwa tena.

Saa ni muhimu kwa sababu daktari hasomi namba peke yake, bali husoma namba pamoja na umri wa mtoto kwa saa. Kiwango kisicho na tatizo kwa mtoto wa siku tatu kinaweza kuwa cha hatari kwa mtoto wa saa 12. Pia huangaliwa kasi ya kupanda. Katika siku ya kwanza, ongezeko la mikromoli 5 au zaidi kwa lita kwa kila saa ni dalili kwamba chembe zinavunjwa. Maabara nyingine huandika bilirubini kwa miligramu kwa desilita. Miligramu moja ni sawa na mikromoli 17 hivi.

Mfano wa ufuatiliaji

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo. Mama wa kundi O, Rh chanya, anajifungua mtoto wake wa kwanza saa kumi alfajiri, mimba ikiwa na wiki 39. Mtoto ana kilo 3.1 na ananyonya vizuri. Damu ya kitovu inaonesha kundi A, Rh chanya, kipimo cha Coombs chanya 1+, na himoglobini gramu 15.8 kwa desilita, kiwango ambacho ni cha kawaida.

Saa nne asubuhi, mtoto akiwa na umri wa saa 6, bilirubini ni 88. Saa kumi jioni, akiwa na saa 12, ni 124. Saa nne usiku, akiwa na saa 18, ni 166, na muuguzi anaona umanjano kwenye weupe wa macho. Kwa jedwali la NICE, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, mstari wa kuanza tiba ya mwanga kwa mtoto wa umri huo wa mimba ni 150 akiwa na saa 12, 175 akiwa na saa 18, na 200 akiwa na saa 24. Mtoto huyu bado yupo chini ya mstari. Lakini ameongezeka mikromoli 42 katika saa sita, yaani 7 kwa saa. Akiendelea hivyo, atafika 208 akitimiza saa 24. Daktari anaanzisha tiba ya mwanga usiku huo huo.

Saa sita baadaye bilirubini ni 178: bado inapanda, lakini kwa 2 tu kwa saa. Mtoto akiwa na saa 48 ni 201, na akiwa na saa 66 ni 196, wakati mstari wa tiba kwa umri huo umefika 287. Kwa kuwa sasa yupo chini ya mstari kwa zaidi ya mikromoli 50, taa inazimwa. Hata hivyo haruhusiwi papo hapo. Anapimwa tena saa 16 baadaye ili kuhakikisha bilirubini haijapanda upya. Ni 209, nyongeza ndogo isiyofika popote karibu na mstari. Familia inaruhusiwa ikiwa na tarehe ya kurudi.

Iwapo kipimo cha Coombs kisingefanyika na mtoto akaruhusiwa alfajiri ya siku ya pili bila kupimwa bilirubini, angeondoka akiwa tayari amevuka mstari.

Tiba na mambo ya kuepuka

Tiba ya mwanga hutumia nuru ya buluu inayobadilisha bilirubini iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa njia ya choo na mkojo. Mtoto hulazwa akiwa na nepi tu, macho yakiwa yamefunikwa, na hutolewa kwa muda mfupi ili kunyonya. Akiwa chini ya taa ngozi yake hupauka, kwa hiyo kuanzia hapo umanjano haupimwi kwa macho, bali kwa damu.

Kumwanika mtoto kwenye jua la asubuhi si mbadala wa tiba hiyo. Kiasi cha nuru hakijulikani, mtoto anaweza kuungua, kupata joto kali au kupoa, na muda unapotea wakati bilirubini inaendelea kupanda.

Mama haachi kunyonyesha. Kingamwili zilizo kwenye maziwa hazizidishi tatizo hili, na maziwa, kuanzia dang'a ya siku za mwanzo, humsaidia mtoto kupata choo kinachotoa bilirubini. Anyonyeshwe mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Maji ya glukosi hayasaidii na humpunguzia hamu ya kunyonya.

Nguo za mtoto zisihifadhiwe kwa vidonge vyeupe vya naftalini. Katika maeneo yenye malaria wapo watoto wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na naftalini huvunja chembe zao nyekundu kwa kasi. Mtoto mwenye upungufu huo ambaye pia amegandiwa na kingamwili za mama hupata madhara maradufu.

Pale mwanga unaposhindwa kuzuia bilirubini, daktari anaweza kuamua kumbadilishia mtoto damu, kidogo kidogo, katika hospitali yenye uwezo huo. Mara nyingi baba hujitolea damu yake papo hapo. Katika hali hii damu yake haiwezi kutumika kwa mtoto: alama ya A au B aliyomrithisha ndiyo inayoshambuliwa, na chembe zake zingevunjwa vilevile. Zinazohitajika ni chembe za kundi O zilizolinganishwa na damu ya mama. Kwa Tanzania, damu hiyo hutoka katika akiba ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, na mchango wa baba huingia katika akiba hiyo kwa ajili ya wagonjwa wengine.

Wiki sita za mwanzo: upungufu wa damu

Mwanga huondoa bilirubini, lakini hauondoi kingamwili. Zile zilizotoka kwa mama hubaki katika damu ya mtoto kwa wiki kadhaa, zikipungua polepole, na chembe huweza kuendelea kuvunjwa wakati umanjano umekwisha na familia imesahau. Mtoto anaweza kuonekana mzima kwa macho huku himoglobini ikishuka.

Mtoto wa mfano wetu alipimwa himoglobini akiwa na wiki mbili, ikawa 12.4. Akiwa na wiki tano ilikuwa 9.6. Alinyonya vizuri, aliongezeka uzito, na chembe changa za damu zilikuwa nyingi, dalili kwamba mwili wake unatengeneza damu mpya. Hakuongezewa damu. Wiki ya nane ilifika 10.4 na ufuatiliaji ukafungwa.

Wazazi wasimpe mtoto dawa ya madini ya chuma kwa uamuzi wao. Katika hali hii, chuma cha chembe zilizovunjwa kwa kawaida hubaki mwilini, na upungufu wa damu hautokani na ukosefu wake.

Dalili za kumrudisha mtoto kituoni

Umanjano huangaliwa kwenye mwanga wa mchana. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, ngozi peke yake inaweza kudanganya. Huangaliwa weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja, iwe mchana au usiku, endapo:

- amekuwa manjano ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa;
- umanjano umefika kwenye viganja au nyayo;
- ni mgumu kuamka, amelegea au ananyonya kwa udhaifu;
- analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, anakunja mgongo kwa nyuma au anapata degedege;
- katika wiki zinazofuata amepauka, anapumua haraka au anachoka na kutoka jasho wakati wa kunyonya.

Choo chenye rangi nyeupe kama chokaa, au umanjano unaoendelea baada ya wiki mbili, huashiria uwezekano wa tatizo la ini na huhitaji uchunguzi wa aina nyingine.

Majibu ya kipimo cha Coombs, kundi la damu la mtoto na viwango vya bilirubini viandikwe kwenye kadi ya kliniki, pamoja na saa vilipopimwa. Katika ujauzito unaofuata, mama aioneshe kadi hiyo tangu hudhurio la kwanza. Mtoto anayefuata anaweza kupata hali kama hiyo au asiipate kabisa, kutegemea kundi atakalorithi; mhudumu aliyeiona kadi atajua kwamba bilirubini ya mtoto huyo inapaswa kupimwa kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.